Mvi zilikuwa kisogoni tu: kisa cha blichi iliyochemka juu ya chumvi za risasi

## Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea saluni kwangu, katika mji mmoja wa pwani. Mteja ameniruhusu nikiandike. Jina lake, mji na tarehe nimeviondoa, na mambo machache ya familia yake nimeyabadilisha ili asitambulike. Yaliyohusu nywele, dawa, vipimo na mfuatano wa mambo nimeyaacha kama yalivyokuwa.

Ninawaandikia wenzangu wa saluni, na pia wale wanaojipaka wenyewe nyumbani. Losheni za kurudisha weusi taratibu zimejaa majumbani mwetu. Nyingi huletwa kama zawadi na ndugu anayetoka safari, na wanaozitumia hawazihesabu kuwa ni rangi. Ajali yetu ilianzia hapo.

## Usuli

Mteja nitamwita Mama H. Alikuwa na miaka 54, nywele zake ni za asili, hajawahi kuweka dawa ya kulainisha, na zikinyooshwa zilipita mabega. Binti yake alikuwa anaolewa baada ya siku 9. Alitaka hailaiti za kahawia ya asali, nyingi mbele na utosini, chache nyuma, ili zionekane vizuri akifunga ushungi wa harusi kwa kulegeza.

Tulikuwa na kadi ya kujaza kwa kila mteja mpya. Swali la tatu lilisema: umewahi kupaka dai au hina kichwani? Msaidizi wangu alimwuliza kwa mdomo. Mama H. akajibu, "Hapana mwanangu, mimi rangi sijawahi. Hina napaka mikononi tu, siku za sikukuu." Msaidizi akaandika hapana, wakaendelea.

Mama H. hakudanganya. Kila asubuhi kwa muda wa karibu miaka miwili alikuwa akimimina kiganjani losheni inayofanana na maji, akaipitisha mbele ya kichwa, kwenye panja na utosini, kisha akachana. Aliletewa na dada yake anayeishi nje, chupa tatu kwa mpigo, na dada alimwambia ni losheni ya kurudisha rangi yako mwenyewe. Kwake dai ni ile inayochanganywa kwenye bakuli, inanuka, na maji yake ya kuoshea yanatoka meusi. Ile losheni haikuwa na lolote kati ya hayo.

Yako mambo mawili ambayo tuliyaona kwa macho siku ile na tukayapita.

La kwanza ni mvi zenyewe. Kisogoni, kuelekea shingoni, Mama H. alikuwa na mvi za kutosha. Mbele na kwenye panja hakuwa na hata moja. Watu wengi huanza kuota mvi kwenye panja na mbele, kisogo hufuata baadaye. Yeye alikuwa kinyume. Msaidizi aliliona hilo na akamsifu: "Mashallah mama, umri huu na mbele huna hata unywele mmoja mweupe!" Mama H. akacheka na kushukuru. Mimi nilisikia kutoka meza ya pili, na sikusimama kujiuliza.

La pili ni maji. Msaidizi alipopulizia maji ili azigawe nywele, kisogo kililowa mara moja. Mbele matone yalikaa juu ya nywele kama maji juu ya jani la mgimbi, yakateleza na kudondokea kwenye taulo. Alipulizia mara tatu ndipo zikalowa. Weusi wa mbele pia haukuwa na uhai. Ulikuwa weusi bapa usiong'aa, na dirishani ulikuwa na ukungu wa rangi ya kijivu kama wa grafiti, yaani risasi ya penseli.

## Yaliyotokea, hatua kwa hatua

Msaidizi alichanganya gramu 30 za unga wa blichi na mililita 60 za peroksaidi ya asilimia 6, ile tunayoiita volyumu 20. Huo ni mchanganyiko wetu wa kawaida. Hakutumia nguvu zaidi kwa sababu nywele za asili za watu wetu nyingi hupanda vizuri kwa volyumu 20 ukizipa muda.

Alianzia kisogoni: foili 8. Akapanda utosini: foili 6. Akamalizia mbele na kwenye panja: foili 7. Kazi ya kufunga foili zote 21 ilichukua kama nusu saa. Alipokuwa anakunja ya mwisho, ile ya kwanza ya mbele ilikuwa na dakika tano au sita tu tangu ifungwe.

Mama H. ndiye aliyesema kwanza. "Mwanangu, hapa pana moto." Msaidizi alidhani ni jua la dirishani, akasogeza kiti. Kisha akaigusa foili na kuuondoa mkono haraka. Aliniita.

Nilikuta foili mbili za panja la kulia zimevimba kama mkate wa ajemi unavyovimba ukingoni. Foili haivimbi hivyo kwenye kazi ya kawaida. Nilipoigusa kwa mkono wenye glavu ilikuwa na joto la kikombe cha chai kilichotoka kumiminwa. Niliifungua upande mmoja. Blichi, ambayo inapaswa kuwa uji mzito uliotulia, ilikuwa na mapovu yanayopanda, ikitoa mvuke mwembamba na harufu ya njiti ya kiberiti iliyochanganyika na unywele ulioungua.

Niliamuru zote zitoke. Tulianza na za mbele, zile zenye joto, tukizitelezesha kuelekea ncha bila kuvuta kwenye shina. Mama H. akaenda beseni huku foili za kisogoni bado zimo, tukazitolea pale pale. Tuliosha kwa maji ya baridi ya bomba, bila shampuu, mpaka uteleze wote ukatoka. Kwenye panja la kulia, mahali foili ilipogusa ngozi, palikuwa na alama nyekundu ya ukubwa wa sarafu. Hapo tuliacha maji yapite dakika 20 kamili. Siku hiyo hiyo nilimpeleka zahanati, akapewa dawa ya kupaka. Alama ilipona bila kovu.

Nywele ndizo zilizoumia. Kati ya foili 7 za mbele, nywele za foili 5 zilikuwa laini kupita kiasi. Ukizishika zikiwa mbichi zilivutika kama ubani wa kutafuna na hazikurudi, zikakatika sentimita tatu au nne kutoka kwenye ngozi. Foili 2 zilizobaki za mbele zilishikilia, lakini zilikuwa na mabaka: hapa chungwa chafu, pale kijivu. Foili 6 za utosini zilikuwa na uvuguvugu tu, rangi yake ikatoka isiyolingana. Foili 8 za kisogoni, zilizokaa muda mrefu kuliko zote, zilikuwa salama kabisa, zimefika chungwa la kawaida.

## Jinsi tulivyojua ni metali

Shaka ya kwanza ya msaidizi ilikuwa kwamba kopo la blichi ni bovu au kwamba amekosea kipimo. Ilikuwa shaka ya haki, lakini kisogo kiliikanusha. Bakuli lilikuwa moja, kopo moja, peroksaidi ya chupa moja, kichwa kimoja. Kama kosa lingekuwa la mchanganyiko, foili zilizokaa nusu saa zingeumia zaidi ya zilizokaa dakika tano. Hapa ilikuwa kinyume, kwa hiyo tofauti ilikuwa kwenye nywele zenyewe.

Nilikaa karibu na Mama H. nikamwuliza tena, safari hii kwa maneno mengine: "Mama, asubuhi ukishaoga, kichwani unapaka nini?" Akanitajia mafuta ya nazi, kisha losheni. Binti yake alitumiwa ujumbe nyumbani, akapiga picha za chupa mbele na nyuma na kuzituma. Kwenye picha, chini kabisa mwa orodha ya viambato, nilisoma kwa kukuza kioo cha simu: `Lead Acetate` na `Sulfur`. Ya kwanza ni asetati ya risasi. Ya pili ni salfa, kiberiti kile cha manjano. Chini ya chupa palionekana unga wa manjano umetuama, na maelekezo yalisema tikisa kabla ya kutumia.

Bado nilitaka kuona kwa macho. Nywele zilizokatika tulizihifadhi kwenye karatasi, na nikakata kishungi kidogo cha kisogoni. Msaidizi akatoa kishungi chake mwenyewe, asiyewahi kupaka kitu, kiwe cha kulinganishia. Tukafanya jaribio linalofundishwa kwenye vyuo vya urembo: mililita 30 za peroksaidi ya asilimia 6, matone 20 ya maji ya amonia ya asilimia 28, ndani ya bakuli la kioo, dirisha likiwa wazi. Bakuli la chuma halifai, maana chuma chenyewe kinaweza kuivuruga peroksaidi. Kila kishungi kilifungwa uzi na kuwekwa kwenye bakuli lake kwa dakika 30.

Kishungi cha msaidizi kilikaa kimya, mwishoni kikawa chekundu kidogo. Cha kisogoni kilifanya vivyo hivyo, ila ncha zake zilitoa vipovu vichache. Cha mbele kilianza kutoa mapovu kabla hata hatujaweka saa. Ndani ya dakika chache weusi wake ulikuwa umetoweka na kuacha rangi ya nyasi kavu, na bakuli lilikuwa na uvuguvugu upande wa chini.

Nilimwomba Mama H. anionyeshe kwa mkono jinsi anavyopaka. Kiganja kilitua mbele, kikapita panja la kulia, la kushoto, kikamalizikia utosini. Kisogoni hakufika kamwe, maana, alivyosema, "nyuma nani ananiona." Ramani ya foili zilizochemka ilikuwa ni ramani ya kiganja chake.

## Kinachotokea ndani ya foili

Losheni hizi hazina rangi nyeusi ndani yake. Zina chumvi ya metali iliyoyeyuka, ambayo ni nyeupe au haina rangi, pamoja na salfa. Ukipaka, risasi inakutana na salfa ya kwenye losheni na ile iliyomo kwenye keratini ya unywele wenyewe, na polepole kunatengenezwa salfaidi ya risasi, `PbS`, ambayo ni nyeusi. Kila siku tabaka jembamba linaongezeka juu ya gamba la unywele na kidogo chini yake. Kwa hiyo mvi hazipotei siku moja. Zinapita manjano, kahawia, halafu nyeusi, na ukiacha kupaka hazipauki bali zinaota tu kutoka chini. Salfaidi hiyo ya risasi ndiyo ile iliyomo kwenye jiwe la galena, linalosagwa kuwa wanja katika nchi nyingi za Kiarabu na Asia. Mama H. alikuwa amezipaka nywele zake wanja wa jiwe bila kujua, unywele mmoja mmoja, kwa miaka miwili.

Blichi na dai ya kudumu zote mbili zinategemea peroksaidi. Kazi yake nzuri ni ya taratibu: inaingia ndani ya unywele na kuitoa oksijeni kidogo kidogo, kwa nusu saa au zaidi. Ikikuta salfaidi ya risasi inaishambulia hiyo kwanza:

```
PbS + 4H2O2 → PbSO4 + 4H2O
```

Chembe moja ya salfaidi inakula chembe nne za peroksaidi, kwa kasi, na kutoa joto jingi. Kinachobaki ni salfati ya risasi, ambayo ni nyeupe. Ndiyo sababu kishungi cha mbele kilipauka haraka kuliko blichi inavyoweza kupausha unywele wa kawaida. Weusi uliotoweka ulikuwa wa koti la risasi, na melanini ya ndani ilikuwa haijaguswa sawasawa. Mafundi wanaorejesha michoro ya kale hutumia mmenyuko huu huu kugeuza rangi nyeupe ya risasi iliyosawijika iwe nyeupe tena. Wao hutumia peroksaidi kidogo juu ya mchoro uliolala mezani, hawaifungi kwenye foili.

Foili ndiyo iliyozidisha. Volyumu 20 maana yake mililita moja ya peroksaidi, ikiachilia oksijeni yake yote, inatoa mililita 20 za gesi. Kijiko cha chai cha mililita 5 kinatoa 100. Gesi hiyo ikitoka kwa nusu saa huioni. Ikitoka kwa dakika tano, foili inavimba. Joto nalo linafungiwa humo, na joto likipanda peroksaidi iliyobaki inavunjika kwa kasi zaidi, na blichi yenyewe, ambayo ni kali na yenye alkali, inaila keratini kwa kasi ambayo saa yetu haikuipangia. Unywele ukakatika.

Metali haziendi njia moja. Risasi inapauka haraka kama tulivyoona. Shaba, ambayo hupatikana kwenye baadhi ya hina zilizochanganywa madini, ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu haiishi: kiasi kidogo tu kinaivunja peroksaidi tena na tena chenyewe kikabaki, na unywele unaweza kuchemka na kumeguka ndani ya bakuli la jaribio. Fedha hufanya kinyume. Koti lake huizuia dawa isiingie, na kishungi kinakaa bila badiliko lolote. Wengi wanasoma ukimya huo kuwa ni usalama. Ukiona unywele haujabadilika hata kidogo baada ya dakika 30, wakati kishungi cha kulinganishia kimepauka, hiyo nayo ni alama ya metali, na dai juu yake itatoka mabaka au kijani.

Bismathi iko kwenye losheni nyingi za sasa kwa sababu imechukua nafasi ya risasi. Marekani iliruhusu asetati ya risasi kwenye dawa za nywele mwaka 1980, ikatangaza kuiondolea ruhusa mwaka 2018, na katazo likaanza kufanya kazi Januari 2022. Kwa hiyo chupa mpya huenda ikaandikwa `Bismuth Citrate` na ile ya zamani iliyosahaulika kabatini ikawa na risasi. Mimi nazichukulia kwa namna moja: hakuna blichi wala dai ya kudumu juu yake bila jaribio.

## Maamuzi tuliyofanya, na sababu zake

Kusimamisha kazi yote, hata kisogo kilichokuwa kinaenda vizuri, ulikuwa uamuzi wa haraka. Sikujua bado tatizo liko wapi, na kichwa kilichogawanyika, nusu kinaoshwa nusu kinaendelea, kingenifanya nisimwangalie mtu mwenyewe.

Maji matupu ya baridi nayo nilikusudia. Msaidizi alishika siki ili aue nguvu ya alkali, nikamzuia. Wakati kitu kinachemka na hujui ni nini, maji mengi yanafanya mambo mawili unayoyahitaji: yanapoza na yanaondoa. Kuongeza dawa ya tatu ni kuongeza usichokijua.

Uamuzi mgumu ulikuja baada ya saa moja. Mama H. alijitazama kwenye kioo, akanyamaza, kisha akasema, "Basi nipakeni nyeusi yote yafichike, harusi ni wiki ijayo." Binti yake kwenye simu akasisitiza hivyo hivyo. Nilikataa, na nilimweleza kwa nini. Dai nyeusi ya kudumu huchanganywa na peroksaidi ile ile. Hata ukiigawa nusu kwa nusu, kichwani inakuwa na asilimia 3. Risasi iliyobaki kwenye nywele ambazo blichi haikuzigusa ingeivunja hiyo peroksaidi kabla rangi haijakomaa ndani, na zile dhaifu zilizoshikilia zingekatika pia. Dai isiyo na amonia haiwezi kuliepuka hilo, maana amonia siyo inayogombana na metali. Ukiona kopo lina chupa ya pili ya kuchanganyia, ujue peroksaidi imo.

Tulichofanya ni kukata na kutengeneza kishungi kifupi cha mbele ili zilizokatika zipate wenzao wa urefu mmoja. Baada ya siku 5, panja lilipokuwa limepona, tulipaka rangi ya muda isiyochanganywa na kitu, inayotoka kwenye tyubu na kukaa juu ya unywele. Hiyo pia tuliijaribu kwanza kwenye kishungi kilichokatwa. Haikutoa joto wala povu. Ilishika zaidi kisogoni kuliko mbele, kwa hiyo mbele tuliirudia. Ilitosha kwa harusi na picha zake.

Losheni aliiacha siku ile ile. Nilimwambia wazi kwamba risasi ni sumu, na kwamba yeye alikuwa akiimimina kiganjani kila asubuhi kabla ya kumlisha mjukuu. Hilo lilimgusa kuliko nywele.

Aliuliza kama kuna kitu cha kuitoa risasi nywele zisikatwe. Shampuu zinazoshika madini zipo, na zinasaidia kwa madini yaliyo juu juu yanayotokana na maji ya kisima au bwawa la kuogelea. Salfaidi ya risasi haiyeyuki kirahisi, na ile salfati nyeupe iliyozaliwa na blichi inabaki kwenye unywele, ikisubiri salfa nyingine iigeuze nyeusi tena. Sikutaka kumwuzia matumaini ya wiki tatu. Njia ya uhakika ni kuziacha ziote na kukata, kama sentimita moja kwa mwezi.

## Kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Kisogo kilichoanza kwanza kilikuwa bahati, lakini ndicho kilichotupa jibu. Bila zile foili 8 tungelaumu kopo la blichi, tungelitupa, tungenunua jingine, na tungemrudisha Mama H. kwenye kiti kile kile. Kuzihifadhi nywele zilizokatika kulisaidia kwa namna hiyo hiyo. Mtu akipata ajali ya namna hii asizifagie.

Kilichoshindwa kwanza ni swali letu. Lilimwuliza mteja atoe hukumu ambayo hakuwa na elimu nayo: kama kile anachopaka ni rangi. Chupa ilimwambia si rangi, dada yake alimwambia si rangi, naye alitujibu alichoambiwa. Kadi yetu sasa haina neno dai kwenye swali hilo. Tunauliza: tangu mwaka juzi umepaka nini kichwani, cha kila siku au cha mara moja, hata kama ni mafuta ya kawaida? Je, kuna kitu unatikisa kabla ya kupaka? Mvi zako zilianza wapi, na sasa ziko wapi? Na kama kuna chupa nyumbani, tunaomba picha ya nyuma yake.

Swali la mvi ndilo linaloleta majibu mengi. Mtu anaweza kusahau losheni, lakini hasahau mvi zake zilikoanzia. Akisema zilianza kwenye panja na mimi panja naliona jeusi, kuna kitu kimepakwa.

Cha pili kilichoshindwa ni mimi. Nilisikia sifa ile ya msaidizi na niliona matone yakiteleza. Siku ilikuwa na watu, na jaribio la nusu saa nililiona kama kumchelewesha mteja. Msaidizi hana lawama, maana sikuwa nimemfundisha alama hizo. Tangu siku ile hakuna blichi wala dai ya kwanza kwa mteja mpya bila kishungi kukatwa na kujaribiwa.

Wasio na amonia dukani wasilifanye hilo kuwa sababu. Chukua blichi au dai ile ile unayokusudia kutumia, changanya kijiko kimoja, paka kwenye vishungi vilivyokwisha kukatwa, vifunge kwenye foili juu ya meza, na uviguse kila baada ya dakika mbili. Mimi naipendelea njia hii, kwa sababu inajaribu kitu chenyewe. Lakini vishungi vitoke sehemu zaidi ya moja. Kama tungekata kishungi kimoja tu cha Mama H., tungekikata kisogoni, kwa kuwa ndipo pasipoonekana, na kingetuambia endeleeni.

Jambo la tatu ni mpangilio wa kazi. Tulifunga foili 7 za mbele mfululizo bila kurudi kuigusa ya kwanza. Kwa nywele usizozijua, fungua moja, subiri dakika tano, iguse, ndipo uendelee. Tungepoteza nywele za foili moja badala ya tano.

Wenzangu wa pwani wameniuliza kuhusu piko na hina. Hina halisi ya majani haina metali, na piko weusi wake unatokana na kemikali ya kwenye dai, si risasi. Piko ina hatari zake kwenye ngozi, lakini haichemki kwenye blichi kwa sababu hii. Tatizo ni pakiti iliyoandikwa hina na ndani yake pana unga wa rangi usiojulikana. Hina ya majani inaacha wekundu wa chungwa. Ikikupa nyeusi au kahawia iliyokolea, kuna kitu kingine humo, na jaribio ndilo litakalosema ni kipi.

## Baada ya miezi

Mama H. alirudi kila baada ya wiki nane kupunguza. Mwezi wa tano mbele palikuwa na mvi zake, nyeupe safi zenye kung'aa, urefu wa kidole. Mwezi wa kumi na moja aliuliza tena habari za hailaiti. Tulikata vishungi vitatu na kukigawa kila kimoja mahali pawili: sehemu ya shina na sehemu ya ncha.

Mashina yote yalikaa kimya dakika 30 na kupauka polepole. Ncha mbili za utosini, ambazo zilikuwa hazijakatwa zote, zilitoa mapovu ndani ya dakika ya kwanza. Tulimwonyesha mabakuli yote. Akachagua kusubiri mpaka ncha hizo ziondoke.